Trei Iliyojaa Haioki, Huchemsha



Wasomaji wetu watukufu, juma hili naomba ruhusa niingie jikoni. Nilipokuwa mwanafunzi wa madrasa mjini Mombasa nilikuwa nikimsaidia mpishi wa karamu kupalia makaa juu ya masufuria ya pilau, na mengi ya nitakayoyasema leo niliyaona kwanza pale, kabla sijajua sababu yake. Kilichonirudisha kwenye mambo hayo ni chakula cha mchana kilichoharibika Nairobi.

Binti yangu ameolewa huko na anaishi Kileleshwa, magharibi ya jiji. Nilipokwenda kumjulia hali nilikuta amemwalika mavyaa yake, mama wa mumewe, kwa chakula cha Jumapili. Bibi yule ana maradhi ya sukari na daktari amemtaka aache vya kukaangwa. Ni mtu wa Mombasa aliyekulia kwenye viazi karai na bajia, na kuachana navyo kumemwia vigumu sana. Husema kwamba hakatai maradhi, anachokikataa ni chakula laini cha mgonjwa. Basi binti akamwahidi mbogamboga za kuokwa kwenye oveni, zenye kingo kavu zinazolia menoni, kwa mafuta kidogo tu.

Trei ilipotoka, mboga zilikuwa zimepauka na kunywea, zimelala katika maji ya rangi ya karoti. Mavyaa alikula kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, mchuzi wako mzuri, ila umesahau nazi." Sote tukacheka, na binti naye akacheka kwa midomo tu. Jioni tukapata habari kwamba bibi, njiani kurejea kwake Pangani, alisimamisha gari akanunua chipsi.

Usiku ule nilimwuliza binti alivyofanya. Alikuwa na kilo mbili: karoti, viazi vitamu, koliflawa na kojeti. Alizikata, akaziosha, akazichanganya na chumvi na mafuta saa nzima kabla ya kuzipika, akazimimina zote kwenye trei moja iliyokuja na oveni, zikapandiana. Aliweka nyuzi 180. Baada ya dakika 40 ziliposalia kupauka, akaongeza dakika 20.

"Lakini kosa si langu, baba," akasema. "Ni Nairobi hii. Huku juu hata maharagwe hayaivi."

Nusu ya maneno hayo ni kweli, nayo yatufaa. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa hiyo maji ya Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100, na ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maharagwe hupikwa ndani ya maji, na maji yanayochemka hayapandi joto zaidi ya pale hata ukizidisha moto, hivyo maharagwe ya Nairobi hupikwa kwa joto dogo zaidi na huchelewa kuiva. Mboga ya kuoka haina shida hiyo, kwa sababu kazi yake ni kuyatoa maji, na maji yanayochemka mapema huondoka mapema. Urefu wa Nairobi haukumdhuru binti hata kidogo. Kilichomdhuru ni kwamba mboga zake nazo alizipika kama maharagwe, ndani ya maji na mvuke, bila kujua.

Mfikirie ukoko wa wali. Maadamu chini ya sufuria kuna maji, wali hauwezi kushika ukoko, hata moto uwe mkali namna gani. Maji huyashikilia mambo yote kwenye joto la kuchemka. Yakishakauka ndipo sehemu ya chini inapopanda joto, ikageuka manjano, kisha hudhurungi, ikakauka na kunukia. Ukingo mkavu wa karoti au kiazi kitamu ni ukoko vilevile. Rangi ile na ladha yake huanza kuja upesi pale sehemu ya juu ya chakula inapofikia nyuzi 140 hivi na kuendelea. Mboga iliyolowa haifiki huko. Hata oveni yako ikiwa kwenye 220, ngozi ya mboga iliyolowa haipiti joto la maji yanayochemka.

Na maji hayo ni mengi kuliko yanavyoonekana. Karoti ni maji karibu sehemu tisa katika kumi. Koliflawa yazidi hapo, na kojeti yafikia 95 katika 100. Kuyageuza mvuke ni kazi kubwa, na mama yeyote aweza kuipima kwa birika. Ikiwa birika la maji baridi lilichukua dakika tano kuchemka, basi kwa moto uleule litahitaji zaidi ya dakika 25 nyingine ili likauke lote. Kuchemsha ni sehemu ndogo ya safari, kukausha ndiko safari yenyewe. Hatuhitaji kuikausha mboga yote, kwani ndani twaitaka laini. Twahitaji kuikausha ngozi yake tu, na kuikausha upesi kabla ndani hapajavurugika.

Sasa tufikie msongamano. Kila kipande kikipata joto hutoa mvuke. Kikiwa na nafasi pembeni yake, mvuke hupanda ukaondoka, hewa kavu ya moto ikashika mahali pake, nayo ikavuta unyevu mwingine. Vipande vikigusana, mvuke wa hiki humpiga jirani yake, na hewa iliyo kati yao hubaki imelowa. Hewa iliyolowa haikaushi kitu, kama vile kanga isivyokauka siku ya mvua. Na zikipandiana safu mbili, za chini hazionani na joto la juu kabisa, na juisi yake hukusanyika kwenye trei. Juisi hiyo huinyima trei nafasi ya kuchoma, kwa kuwa chuma kilichofunikwa na maji nacho husalia kwenye joto la maji.

Waliochoma mishkaki wanalijua jambo hili. Nyama zikibanwa sana kwenye kijiti, pande zilizogusana hutoka zimepauka kama zilizochemshwa, ilhali pande zilizoelekea makaa zimeshika rangi. Moto ni ule ule na nyama ni ile ile. Tofauti ni nafasi.

Binti hakuridhika kwa mfano, akataka kuona. Siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, nilipita Soko la Siti pale Barabara ya Muindi Mbingu nikanunua mbogamboga. Nyumbani tukapima karoti gramu 800 kwa mizani ya keki, tukazikata kwa ukubwa mmoja, kiasi cha sentimita mbili na nusu, tukazigawa nusu kwa nusu. Gramu 400 za kwanza tulizibana kwenye bakuli dogo la bati, zikapandiana. Tuliziweka kwenye oveni ya nyuzi 220 kwa dakika 30, kisha tukapima: zilibaki gramu 345. Zilikuwa laini, rangi yake ileile ya sokoni. Gramu 400 za pili tulizitandaza kwenye trei pana, kila kipande peke yake, kwa joto lilelile na muda uleule. Zilibaki gramu 265, kingo zimeshika hudhurungi. Zile zilizobanwa zilipoteza gramu 55 za maji, zilizotandazwa zilipoteza 135. Hakuna kilichobadilika ila nafasi. Binti akaonja moja, akanyamaza, kisha akaenda kutafuta trei ya pili.

Basi haya ndiyo tuliyoyafanya baadaye kwa chakula chenyewe, nami nayaandika kwa utaratibu wake.

Kwanza, kipimo cha trei. Trei ya oveni ya kawaida ya nyumbani, yenye kiasi cha sentimita 40 kwa 35, hubeba gramu 700 hadi 800 za mboga iliyokatwa, na kilo moja ndiyo mwisho wake. Oveni ndogo ya mezani, ambayo wengi wanayo katika nyumba za kupanga, trei yake hubeba karibu nusu ya hapo. Lakini huhitaji mizani. Tandaza vipande, kisha upitishe kidole baina yake. Kidole kikipita bila kuvisukuma, nafasi yatosha. Chuma cha trei kionekane kwa wingi kama inavyoonekana mboga. Ukiona mboga tupu, toa nyingine uziweke kando kwa zamu ya pili. Trei iwe ya kingo fupi, maana bakuli lenye kuta ndefu huuzuia mvuke hata kama vipande havigusani.

Pili, ukavu. Osha mboga nzima kabla ya kuikata, si baada yake, kisha uifute kwa kitambaa kikavu. Koliflawa huficha maji kwenye vishada vyake, hivyo iache kwenye chungio kwa muda, uipanguse. Matone utakayoyaacha juu ya mboga ni kazi utakayoitupia oveni kabla haijaanza kazi yake.

Tatu, mafuta na chumvi. Kwa gramu 800, vijiko viwili vya chakula vya mafuta vyatosha. Vipakae kwa mkono mpaka kila upande ung'ae, pasiwe na mafuta yanayotiririka. Mafuta hujaza ule upenyo mdogo baina ya mboga na chuma, yakalipitisha joto sawasawa. Pasipo mafuta, mboga hukauka ikawa kama ngozi badala ya kuvunjika. Chumvi tia wakati trei inaingia, si saa nzima kabla, kwa sababu chumvi huyavuta maji nje ya mboga. Hilo ndilo lililoujaza bakuli la binti maji hata kabla ya kupika. Ndimu, ukwaju, na vitunguu saumu vya kupondwa vyote vina maji, basi vitie mwishoni au mezani.

Nne, joto. Washa oveni mpaka 220 na uipe muda ishike moto kweli, kiasi cha dakika 15 hadi 20. Trei tupu ya chuma iwe ndani kwa dakika kumi za mwisho. Ukimimina mboga juu yake utasikia sauti ya kukaangika, na hiyo ndiyo dalili kwamba upande wa chini umeanza kukauka tangu mwanzo. Usifanye hivyo kwa chombo cha glasi, kwani mboga baridi juu ya glasi ya moto yaweza kukipasua. Ukitandika karatasi ya foili, sura yake iwe bapa bila mikunjo, maana kila kunjo huwa kisima cha juisi.

Tano, usigeuzegeuze. Acha dakika 15 hadi 20, kisha ugeuze mara moja tu. Kipande kilichokwisha kukauka chini hujiachia chenyewe kwenye trei. Kikiwa kimenata na bado kimepauka, hakijawa tayari, kirudishe. Mlango unapofunguliwa mvuke mwingi hutoka kwa pamoja, na kufungua huko mara moja katikati kwafaa. Kufungua kila dakika tano ili kuchungulia hupoteza joto lote ulilolilipia.

Mboga zetu tulizitenga kwa tabia zake. Karoti na viazi vitamu zilikaa trei moja, kwa dakika 35. Koliflawa na kojeti zilikaa nyingine, zikaingia dakika kumi baadaye, kwa dakika 25. Trei mbili katika oveni moja hutoa mvuke maradufu, na ikiwa oveni haina feni, ile ya chini huchelewa kushika rangi. Dawa yake ni kuzibadilisha nafasi katikati ya muda, au kuoka kwa zamu na kuirudisha ya kwanza kwa dakika tano kabla ya kula. Mkwe wangu aliuliza kuhusu tokeni za umeme, nalo ni swali la haki. Mara ya kwanza oveni iliwaka saa nzima na chakula hakikuliwa. Mara hii, pamoja na kuipasha moto, iliwaka chini ya saa moja kwa trei zote mbili.

Utajuaje, ukiwa umesimama nje ya oveni, kwamba mambo yanakwenda vyema? Sikiliza na utazame. Mwanzoni kioo cha mlango huingia ukungu na utasikia mlio mzito wa maji. Kadiri dakika zinavyopita kioo husafika na mlio huwa mwembamba wa kupasukapasuka, kama ule wa sufuria ya wali inapokaribia kushika ukoko. Ikiwa dakika 20 zimepita na kioo bado kina ukungu, trei imejaa mno. Usiongeze muda. Gawa mboga kwenye trei mbili, mwaga juisi iliyokusanyika, na uirudishe. Nusu ya chakula kilichokwisha kuharibika huokolewa hivyo.

Kuna mipaka ambayo nafasi haiwezi kuivuka. Kojeti na nyanya zina maji mengi mno. Zikitandazwa vizuri zitashika rangi pembeni, lakini hazitavunjika kama karoti. Mboga zilizogandishwa kwenye friza hutoa maji mengi zaidi zikiyeyuka, hivyo zipe nafasi maradufu, na usitarajie mengi. Tena kwa wagonjwa wa sukari, kukauka hakuondoi wanga wa kiazi kitamu. Kiasi chake ni kile alichosema daktari.

Mpaka wa mwisho ndio unaowashinda wengi hata baada ya kuoka vizuri, nao ni hotipoti. Sisi watu wa pwani chakula kikitoka motoni hukifunika ili mgeni akikute cha moto. Kwa pilau ni adabu na ni busara. Kwa mboga iliyokauka ni kuibatilisha kazi yote. Ndani ya kila kipande bado kuna maji ya moto, na mvuke wake ukizuiwa na kifuniko hurudi juu ya kingo zilezile ulizozikausha. Dakika kumi zatosha kuzilainisha. Basi mboga hizi ziokwe wageni wakiwa wamefika, zitolewe kwenye sinia pana bila kufunikwa, na ziliwe palepale.

Jumapili iliyofuata mavyaa alialikwa tena. Alipokaa, trei ilikuwa bado ndani, na harufu imeshafika sebuleni. Alichukua kipande cha karoti kwa vidole, akakitafuna, sote tukausikia mlio. Hakusema neno juu ya nazi. Alipotaka kuondoka aliomba afungiwe zilizobaki, na binti akanyosha mkono kuchukua hotipoti. Nikamzuia. Tukamfungia badala yake karoti mbichi zilizokatwa na kufutwa, na maelezo ya trei.

Bibi akasema oveni anayo, ila kwa miaka yote imekuwa kabati la masufuria. Juzi binti amenipigia simu kunambia kuwa masufuria yametolewa.